Kutoka hubiri lililoandikwa lote hadi vidokezo vya nusu karatasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa wanaohubiri kwenye ibada zenye somo lililopangwa na muda unaobana: KKKT, Anglikana, Moraviani na makanisa yanayofanana nayo. Mifano yote imetoka kwenye somo moja, Marko 10:46-52, habari ya Bartimayo, ili uone kazi moja ikikamilika badala ya vipande vya mahubiri mbalimbali.

Nikianza kutumia vidokezo, niache kuandika hubiri zima?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaacha karatasi nane, wanabaki na vichwa vitatu vya habari, halafu Jumapili wanazunguka. Hubiri zima linaandikwa kwa sababu kuandika ndiko kunakokulazimisha ujue unachotaka kusema. Kinachobadilika ni unachopanda nacho mimbarini. Andika lote kufikia Alhamisi, kisha liache mezani.

Martin Luther mara nyingi alipanda na muhtasari mfupi tu. Mengi ya mahubiri yake tuliyonayo yaliandikwa na watu waliomsikiliza, hasa Georg Rörer, aliyekuwa akiandika harakaharaka kwa mchanganyiko wa Kilatini na Kijerumani. Charles Spurgeon wa London, karne ya 19, naye alikwenda na karatasi ndogo. Waandishi wa hati mkato waliyanasa maneno yake, naye akayasahihisha baadaye kwa ajili ya kuchapwa. Nalitaja hili kwa sababu mtu akisoma mahubiri yao kitabuni, yamenyooka sentensi kwa sentensi, hudhani ndivyo yalivyokuwa mkononi mwa mhubiri. Hayakuwa hivyo.

Kwa nini nikisoma nasikika kama ninasoma, hata nikijitahidi kuinua macho?

Kwa sababu tatizo haliko machoni tu, liko kwenye sentensi zenyewe. Chuoni tulifundishwa kuandika hubiri ambalo mkufunzi atalisahihisha kwa jicho. Sentensi za namna hiyo ni ndefu, zina "ambaye" na "kwamba" nyingi, na jambo lenyewe linakuja mwishoni. Tazama aya hii, iliyoandikwa vizuri tu:

"Jambo la kushangaza katika kifungu hiki ni kwamba watu waliomkemea Bartimayo ili anyamaze hawakuwa maadui wa Yesu, bali ni wale waliokuwa wakiambatana naye katika safari ya kuelekea Yerusalemu, jambo ambalo linatuonyesha kuwa inawezekana mtu akawa karibu na Yesu na wakati huohuo akawa kizuizi kwa wanaomhitaji."

Isome kwa sauti. Pumzi inaishia "Yerusalemu", na msikilizaji aliyeketi nyuma karibu na mlango hajui bado unamwambia nini. Sasa simulia jambo lilelile kama unavyomsimulia mtu: "Nani wanamwambia anyamaze? Si Mafarisayo. Si askari wa Kirumi. Ni watu wanaotembea na Yesu. Walio karibu kabisa naye ndio wanaomzuia kipofu asisikike."

Hakuna mtu anayeandika hivyo kwenye karatasi, lakini kila mtu husema hivyo. Ndiyo maana kupunguza maneno ya karatasini kwa kukatakata aya hakusaidii. Vidokezo vitoke kwenye usimulizi, visitoke kwenye karatasi.

Basi navipataje? Nielekeze hatua kwa hatua.

Ijumaa, hubiri likiwa limekwisha kuandikwa, lisome mara moja kwa utulivu kisha lifunge. Simama, usikae, ufungue Biblia kwenye somo lako, na ulihubiri lote kwa sauti bila karatasi, ukirekodi kwa simu. Litakuwa bovu. Utasahau, utarudia, utakwama. Vumilia mpaka mwisho.

Sasa sikiliza rekodi ukiwa na kalamu. Andika mambo mawili. La kwanza ni kila mahali ulipokwama. La pili ni kila sentensi iliyokuja vizuri kuliko ilivyo kwenye karatasi, kama ile ya "Si Mafarisayo, si askari". Ukilinganisha na hubiri lako utaona kwamba hukukwama ndani ya hoja. Hoja unazijua, umezifanyia kazi wiki nzima. Ulikwama kati ya hoja na hoja, pale ulipopaswa kutoka kwenye kelele za Bartimayo kwenda kwenye Yesu kusimama. Kwenye karatasi pengo hilo halikuonekana, kwa kuwa aya mpya ilianza yenyewe na jicho likaruka.

Hapo ndipo unapochukua karatasi ya A4, ukaikunja nusu, ukaandika kwa mkono upande mmoja tu. Mambo manne yanaandikwa kwa ukamilifu, neno kwa neno: sentensi ya kwanza, sentensi ya mwisho, sentensi za kuunganisha hoja moja na nyingine, na kila kitu kisichoruhusu kukosewa, yaani nukuu, namba na majina. Hoja zenyewe zinapewa maneno mawili matatu tu ya kukushtua kumbukumbu.

Jumamosi hubiri mara mbili kwa sauti ukitumia karatasi hiyo. Neno ambalo hukulitazama mara zote mbili, lifute. Mahali ulipokwama tena, ongeza sentensi.

Naweza kuona karatasi iliyokamilika?

Hii hapa ya Bartimayo, ya hubiri la dakika 20. Hubiri lenyewe lilikuwa kurasa tano na nusu.

MARKO 10:46-52

0 — "Kutoka Yeriko hadi Yerusalemu ni kupanda mlima mwendo wa siku nzima, na msafara wa Yesu hauna muda wa kupoteza."

KELELE. Wanaokemea ni nani? Si Mafarisayo, si askari. Anazidi (48).

6 — "Watu wanamtaka anyamaze. Yesu anafanya kitu kimoja tu: anasimama."

AMESIMAMA. Msafara wote umesimama. Walewale: "Jipe moyo, inuka, anakuita" (49). [Vazi, 50]

11 — "Halafu anauliza swali ambalo sura hii imekwisha kulisikia."

SWALI. Mst. 36 na 51, SOMA YOTE MAWILI. Yakobo na Yohana: viti. Bartimayo: kuona.

16 — "Alianza akiwa ameketi kando. Tazama anakomalizia."

46 kando ya njia. 52 njiani. Njia hii inakwenda wapi? (33)

19 — "Hakuomba kiti pembeni ya Yesu, aliomba macho, na alipoyapata akayatumia kumfuata kwenda msalabani. Amina."

Angalia ilivyopangwa. Namba za pembeni ni dakika. Namba kwenye mabano ni mistari ya Biblia, kwa sababu Biblia iko mkononi na yenyewe ni nusu ya vidokezo vyako. "Walewale" ni neno moja lakini linabeba hoja nzima: watu waliokuwa wakimkemea sasa ndio wanaotumwa kumwita, na hoja hiyo ilichukua aya mbili kwenye hubiri lililoandikwa. Mhubiri aliyeifanyia kazi hawezi kuisahau akiliona neno hilo. Mtu mwingine akipewa karatasi hii haitamfaa chochote, na ndivyo inavyotakiwa.

Mstari wa 33 umewekwa mwishoni kwa sababu Yesu amekwisha kuwaambia wanafunzi njia hiyo inaelekea wapi. Ni kitu kidogo ambacho mhubiri akichangamka hukisahau, kisha sentensi ya mwisho inabaki haina mguu wa kusimamia.

Kwa nini sentensi ya kwanza na ya mwisho ziandikwe kwa ukamilifu, na katikati nisiandike?

Ya kwanza kwa sababu ya hofu. Nusu dakika ya mwanzo ndiyo moyo unapokwenda mbio, na mhubiri asiye na sentensi huijaza kwa salamu za pili na za tatu, pole za mvua, na shukrani kwa kwaya ambayo mwongoza ibada amekwisha kuishukuru. Ukiwa na sentensi unasema, na ukishasema ya kwanza ya pili inakuja.

Ya mwisho kwa sababu ya kutua. Sote tumewahi kumsikia mhubiri akisema "na kwa kumalizia" mara tatu. Si kwamba ana mengi ya kusema. Anatafuta sentensi ya kushukia haioni, anapanda tena kuzunguka. Iandike, ikaririwe, ukiisema unyamaze.

Macho nayapeleka wapi na lini? Naogopa kupotea karatasini.

Kanuni ni moja: usiiambie karatasi neno lolote. Tazama chini ukiwa kimya, chukua wazo, inua kichwa, mtafute mtu, ndipo useme. Ukimaliza wazo hilo, sema neno la mwisho ukiwa bado unawatazama watu, kisha ndio ushushe macho.

Wanaotoka kwenye kusoma wana tabia ya kushusha kichwa kabla sentensi haijaisha, kuwahi mstari unaofuata. Sauti inashuka na kichwa, na maneno mawili ya mwisho, ambayo kwa Kiswahili mara nyingi ndiyo yenye uzito, yanamezwa. Rekodi itakuonyesha: sikiliza miisho ya sentensi tu, usisikilize kingine.

Ule ukimya wa kutazama chini utauona mrefu mno. Ni sekunde mbili. Msharika anaona mtu anayefikiri. Kwa nukuu ni kinyume: ukifika "Jipe moyo, inuka, anakuita", inua Biblia na usome waziwazi, watu waone unasoma. Hapo kusoma kuna mamlaka yake.

Nikisahau kabisa niko wapi je?

Soma mstari unaofuata wa somo kwa sauti, polepole. Kama vidokezo vyako vimefuata mpangilio wa mistari, na kwa masimulizi ya Injili vifuate, mstari huo utakurudisha mahali pake. Hakuna atakayejua. Mahubiri yanayorukaruka kutoka kitabu hadi kitabu ni magumu zaidi kwa vidokezo vifupi. Kama hubiri lako ni la mada na lina mafungu sita ya Biblia, bandika vikaratasi vya alama kwenye kurasa kabla ya ibada na uviandike namba.

Tangu niache karatasi mahubiri yamekuwa marefu. Nilikuwa dakika 20, sasa 35.

Hilo humpata karibu kila mtu, na wazee wa kanisa watalisema kabla hujalijua, hasa kanisa lenye ibada mbili ambapo watu wa ibada ya pili wameshajaa nje kivulini.

Sababu mara nyingi ni mifano. Mfano uliokuwa na mistari minne karatasini unakua mimbarini: unaeleza basi lilikuwa la rangi gani, kondakta alisemaje. Sababu ya pili ni kurudia hoja kwa maneno mengine wakati unaikumbuka inayofuata. Ya tatu ni vijazio. Sikiliza rekodi uhesabu ni mara ngapi umesema "Bwana asifiwe", "mwambie jirani yako" na "kwa hiyo basi" bila sababu. Mwitikio wa "Amina" ukiuomba kila dakika si kwa ajili ya watu tena, ni wewe unanunua muda.

Dawa ni zile dakika za pembeni, na saa uiweke unapoiona bila kugeuza mkono. Ukifika sentensi ya dakika ya 11 saa inasema 15, unahitaji kukata, na uamuzi wa kukata nini usiufanye pale. Uliufanya Jumamosi: kwenye karatasi ya Bartimayo, "vazi" limewekwa kwenye mabano ya mraba. Ni jambo zuri, kipofu kulitupa vazi lake na kuruka, lakini hubiri linasimama bila hilo. Mabano ya mraba maana yake muda ukibana, ruka. Kila hubiri liwe na kitu kimoja cha namna hiyo. Usikiweke mwishoni, maana mwisho ndio unaoulinda.

Na mfano wowote wa kusimulia, andika sentensi yake ya mwisho. Ukiifikia, umetoka.

Ibada ya pili huwa inaniharibikia. Nasema nimeshasema jambo ambalo sijalisema.

Kumbukumbu ya ibada ya kwanza inaingiliana na ya pili. Aliyesoma hana tatizo hili, karatasi inamkumbukia. Weka penseli mimbarini. Kwenye ibada ya pili, kila ukimaliza hoja, tia alama ndogo pembeni yake unaposhusha macho. Kati ya ibada mbili usilisome hubiri zima tena. Tazama vidokezo tu na usahihishe sehemu moja iliyokwama. Ukilisoma lote, sentensi za kuandikwa zitakurudia mdomoni.

Nianzie wapi? Siwezi kuacha karatasi zote Jumapili moja.

Usiache. Anzia jumuiya, ambako watu ni kumi na watano sebuleni kwa mtu na Neno ni la dakika kumi. Pale hata kusoma kungekuwa ajabu. Ukizoea, Jumapili panda na hubiri zima kama kawaida lakini sehemu moja, ile ya kusimulia, iwe kwa vidokezo: kutoka Bartimayo anaposikia umati hadi Yesu anaposimama. Sehemu za maelezo endelea kuzisoma. Wiki zinazofuata ongeza sehemu ya pili, kisha ya tatu. Mwanzo na mwisho viwe vya mwisho kuachwa.

Hubiri zima unaweza kuliweka ndani ya Biblia likiwa limekunjwa, kwa amani ya moyo. Likunje kweli. Likiwa wazi chini ya vidokezo, macho yatalifuata, na ukishaanza kutafuta mstari kwenye ukurasa wa nne uko katikati ya sentensi, umepotea kuliko asiye na karatasi. Usianze siku ya Pasaka, siku ya mavuno, wala siku ambayo askofu anatembelea usharika.

Kuna siku ambazo ni lazima nisome neno kwa neno?

Zipo. Tamko la kanisa, jambo la nidhamu, mgogoro wa usharika ambao kila upande unasubiri uteleze: soma. Neno moja lililokuponyoka litatembea mtaani hadi jioni, na utahitaji karatasi kuonyesha ulichosema. Redioni pia, kama umepewa dakika 12 na tangazo linafuata. Msibani, wasifu wa marehemu, majina ya watoto na wajukuu yasomwe. Lakini neno la faraja kwa mjane useme ukimtazama.

Nahubiri na mkalimani. Vidokezo vinafaa?

Vinafaa kuliko hubiri zima, kwa kuwa sentensi ndefu ndizo zinazomwangusha. Ila muda unakaribia kuwa mara mbili, kwa hiyo hubiri la dakika 20 likatwe karibu nusu. Kwa Bartimayo ningebaki na "Kelele" na "Swali" tu, nikaunganisha upya. Mpe mkalimani mapema mafungu utakayosoma, pamoja na sentensi zako kamili: ya kwanza, za kuunganisha na ya mwisho. Ukisema nusu ya wazo ukanyamaza, naye atabaki amekutumbulia macho, maana kuna lugha ambazo hawezi kuianza sentensi kabla hajajua mwisho wake.

Si kumzuia Roho Mtakatifu, kupanga hata sentensi ya mwisho? Yesu alisema tusifikiri tutakavyosema.

Maneno hayo ya Mathayo 10:19 yanawahusu wanaokamatwa na kupelekwa mabarazani na mbele ya maliwali. Mtu aliyekamatwa hakupewa wiki ya kujiandaa; wewe unayo kalenda inayokuonyesha somo miezi kabla.

Karatasi au simu?

Karatasi nzito, ya kadi ukiipata, maana feni ya mimbarini huipeperusha nyepesi. Simu hujizima katikati ya hubiri, ujumbe huingia, na mikono yenye jasho haifungui kioo. Ukitumia kishikwambi, zima mtandao, ondoa kujifunga kwa kioo, na herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomeka ukiwa umesimama wima na mkono umenyooka. Hata hivyo kunja nakala ya karatasi uiweke ndani ya Biblia. Taa zikizimika kwenye ibada ya jioni, kishikwambi kitakushinda kwa jambo moja: kitakuangaza usoni na hutawaona watu.

Hubiri lile nililoandika nilifanyie nini baada ya Jumapili?

Jumatatu lifungue, uliandikie kwa kalamu nyekundu sentensi zilizotokea mimbarini na hazikuwemo, na ufute zilizokataa kusemeka. Bana vidokezo juu yake kwa klipu, andika tarehe na mahali. Somo likirudi kwenye kalenda, anza na kilichoandikwa kwa wino mwekundu.